Mkataba Mmoja, Namba Tatu

Kampuni ikitangaza kuwa imesaini mkataba wa shilingi milioni 99, wengi wetu tunaziona milioni 99 zikiingia benki. Kumbe pesa iliyodaiwa mwaka huo inaweza kuwa theluthi tu ya kiasi hicho, na biashara iliyoongezeka kwa mwaka ikawa robo yake, wala hakuna aliyedanganya. Mkataba wa miaka mingi huzaa namba tatu tofauti, na kila moja inajibu swali lake. Matatizo huanza pale namba ya swali moja inapotolewa kama jibu la swali jingine.

Mwenye nyumba yeyote wa Dar es Salaam anaijua tofauti hii hata kama hajawahi kuipa jina. Chumba anakipangisha kwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mpangaji mmoja analipa miezi sita, mwingine analipa miaka miwili kwa mkupuo. Huyu wa pili amempa milioni 2 na laki 4 kwa siku moja, lakini chumba hakijapanda thamani. Bado ni chumba cha milioni 1 na laki 2 kwa mwaka, na kwa miaka miwili ijayo hakitaleta hata senti. Mwenye nyumba akijisahau, akadhani sasa kipato chake ni milioni 2 na laki 4 kwa mwaka, atakopa kwa matumaini ambayo hayapo.

Kampuni zinazouza huduma kwa usajili, hasa za programu za kompyuta, zinaishi ndani ya hesabu hiyo kila siku. Wateja wao hawanunui kitu mara moja wakaondoka. Wanalipia haki ya kutumia, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana namba hizi tatu zimeshika kasi.

Kila namba na swali lake

Ya kwanza ni mapato ya mwaka yanayojirudia, ambayo kwenye ripoti nyingi huandikwa kwa herufi ARR. Swali lake ni hili: kwa wateja tulionao leo na bei wanazolipa leo, biashara inaingiza kiasi gani kwa mwaka mzima? Malipo ya mara moja, kama ada ya kufunga mfumo au mafunzo, hayaingizwi humo. Ni kipimo cha ukubwa wa biashara kwa siku moja iliyotajwa.

Ya pili ni thamani ya mkataba. Hii inauliza: tangu mwanzo hadi mwisho, mteja ameahidi kulipa jumla ya kiasi gani? Humu kinaingia kila kitu, ada za miaka yote pamoja na malipo ya mara moja. Mkataba ukirefushwa, namba hii inapanda hata kama bei ya mwaka haijaongezeka kwa shilingi moja.

Ya tatu ni jumla ya ankara, yaani kiasi ambacho kampuni imemwandikia mteja akilipe katika kipindi fulani. Ankara bado siyo pesa mkononi, kwa sababu mteja anaweza kupewa siku 30 au 60 za kulipa. Wala siyo mapato kwenye vitabu, kwa sababu vitabu vinahesabu kazi iliyokwisha kufanyika. Ankara inasema tu kwamba tumedai.

Mapato ya kwenye vitabu ndiyo namba pekee kati ya hizi ambayo ina sheria kali. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 1, 2018, kinataka mapato yahesabiwe kadiri huduma inavyotolewa. Mteja akilipa mwaka mzima mapema, sehemu ambayo haijafanyiwa kazi inakaa kwenye mizania kama deni la kampuni kwa mteja, nayo huitwa mapato yaliyoahirishwa. Mapato yanayojirudia hayana kiwango cha namna hiyo. Kila kampuni inajiwekea maana yake, na ndiyo sababu namba za kampuni mbili haziwezi kulinganishwa kabla ya kusoma maelezo ya chini.

SACCOS yenye matawi manne

Tutunge mfano, tuufuate hadi mwisho. Kampuni ya programu jijini Dar es Salaam inaiuzia SACCOS moja ya Moshi mfumo wa kuweka kumbukumbu za wanachama, akiba na mikopo. Mkataba ni wa miaka mitatu. Umesainiwa Machi 1, 2025 na huduma inaanza Aprili 1. Bei ni shilingi milioni 6 kwa kila tawi kwa mwaka. Mwaka wa kwanza matawi ni manne, wa pili matano, wa tatu sita. Juu ya hapo kuna milioni 9 za mafunzo ya watumishi, zinazolipwa mara moja. Ankara ya usajili inatolewa mwanzoni mwa kila mwaka wa mkataba, na kiasi chote ninachotaja hapa ni kabla ya VAT.

Thamani ya mkataba ni rahisi kuipata. Mwaka wa kwanza milioni 24, wa pili 30, wa tatu 36, jumla 90. Ongeza mafunzo milioni 9, unapata milioni 99. Hiyo ndiyo namba ambayo afisa mauzo atakwenda nayo kwa bosi wake.

Mapato yanayojirudia ni milioni 24. Matawi yanayotumia mfumo leo ni manne, kila moja milioni 6. Hapa ndipo makosa mawili hutokea sana. La kwanza ni kuchukua milioni 99, kugawa kwa tatu, na kusema biashara imeongezeka kwa milioni 33 kwa mwaka. Hesabu hiyo imebeba mafunzo ambayo hayatarudi, pamoja na matawi mawili ambayo mfumo haujafika. La pili ni kuchukua milioni 36 za mwaka wa tatu na kuzitangaza leo, eti kwa kuwa zimeandikwa kwenye mkataba. Zimeandikwa kweli, lakini zitakuwa mapato ya mwaka yanayojirudia Aprili 2027, tawi la sita litakapoanza kulipiwa. Hata mwezi mmoja kati ya kusaini na kuanza huduma unahitaji uamuzi. Kampuni moja itahesabu milioni 24 tangu Machi, nyingine itasubiri Aprili. Vyote vinawezekana, mradi inayohesabu iseme wazi na isibadili utaratibu kila ripoti.

Ankara za mwaka 2025 ni milioni 33, yaani 24 za usajili na 9 za mafunzo. Vitabu vya kampuni, vinavyofungwa Desemba 31, vitaonyesha kitu kingine. Huduma imetolewa miezi tisa, kwa hiyo usajili uliofanyiwa kazi ni milioni 18. Mafunzo yamekwisha na yanasimama kama kazi inayojitegemea, basi milioni 9 zote zinahesabiwa. Mapato ni milioni 27. Milioni 6 zilizobaki ni za Januari hadi Machi 2026, nazo zinakaa kwenye mapato yaliyoahirishwa.

Tazama namba hizo zinavyoshikana: mapato milioni 27, ukijumlisha ongezeko la mapato yaliyoahirishwa milioni 6, unapata ankara milioni 33. Kanuni hiyo ndogo inamsaidia mtu wa nje. Hata kampuni isipotaja jumla ya ankara zake, anayeshika taarifa zake za fedha anaweza kuikadiria kwa kuchukua mapato ya kipindi na kuongeza tofauti ya mapato yaliyoahirishwa kati ya mwanzo na mwisho wa kipindi.

Mteja akilipa yote mapema

Sasa tugeuze sharti moja tu. Kampuni inataka pesa haraka, inaiambia SACCOS: lipeni usajili wa miaka mitatu kwa mkupuo, tutawapunguzia asilimia 10. SACCOS inakubali. Milioni 90 za usajili zinashuka hadi 81, mafunzo yanabaki 9, na Aprili 2025 inatoka ankara moja ya milioni 90.

Ankara za mwaka 2025 zimeruka kutoka milioni 33 hadi 90. Zimekaribia kuwa mara tatu. Lakini thamani ya mkataba imeshuka kutoka milioni 99 hadi 90. Mapato yanayojirudia nayo yameshuka, kutoka milioni 24 hadi milioni 21.6, kwa sababu bei ya kila tawi imepungua kwa asilimia 10. Namba moja imepaa wakati mbili zimeshuka, na yote yametokana na uamuzi mmoja mezani. Anayeonyeshwa grafu ya ankara peke yake ataamini biashara imestawi. Ukweli ni kwamba imekuwa ndogo kidogo, ila imewahi kulipwa.

Mwaka unaofuata ndio unaofichua. Katika mpango wa kwanza, Aprili 2026 kungetoka ankara ya milioni 30, na Aprili 2027 ya milioni 36. Sasa hakuna ankara yoyote kwa mteja huyu hadi 2028. Seva zinalipiwa, mafundi wanalipwa, tawi la tano na la sita yanaunganishwa, na pesa yake ilikwishaingia siku nyingi. Kama ilitumika kuajiri watu wapya kwa kuamini kwamba mwaka ujao itaingia nyingine kama hiyo, mishahara itaanza kuchelewa.

Je, punguzo lile lilikuwa kosa? Hapana, na hapa inafaa kupiga hesabu kabla ya kulaumu. Kampuni imepata milioni 57 za ziada Aprili 2025, na kwa ajili yake imeziacha milioni 30 za mwaka mmoja baadaye na 36 za miaka miwili baadaye. Ukiutazama kama mkopo, riba yake ni takriban asilimia 10 kwa mwaka. Wastani wa riba za mikopo ya benki Tanzania umekuwa ukizunguka asilimia 15. Kwa biashara inayohitaji mtaji, hayo ni masharti mazuri. Kosa linakuja pale tu mkopo huo wa mteja unapoitwa ukuaji.

Kuna mtego mwingine wa karibu, nao ni kodi. Kwa sheria ya VAT ya Tanzania Bara, kodi huiva kwa kinachotangulia kati ya ankara, malipo na huduma. Ankara ya milioni 90 kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 inabeba VAT ya milioni 16.2, na inatakiwa kwenye ritani ya mwezi huo, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kampuni iliyotoa ankara kubwa ili ripoti ipendeze, huku mteja amepewa siku 60 za kulipa, itailipa TRA kwanza kutoka mfukoni mwake.

Somo kutoka Santa Clara

Mambo haya hayaishii kwa kampuni ndogo. Palo Alto Networks ya Santa Clara, California, ni miongoni mwa kampuni kubwa duniani za ulinzi wa mitandao, na kwa miaka mingi wawekezaji waliipima kwa jumla ya ankara. Wateja wake wengi husaini mikataba ya miaka kadhaa, na pesa ilipokuwa rahisi, walikuwa wakilipa miaka yote mapema bila kusita sana.

Riba zilipopanda Marekani, mambo yakabadilika. Mteja aliyekuwa na dola milioni kadhaa benki aliona zinamzalia, akauliza kwa nini awape wauzaji malipo ya miaka mitatu leo. Wengine wakataka kulipa mwaka kwa mwaka, wengine wakataka punguzo au mkopo. Novemba 2023 kampuni ilishusha makadirio yake ya ankara za mwaka wa fedha kutoka kati ya dola bilioni 10.9 na 11 hadi kati ya bilioni 10.7 na 10.8. Makadirio ya mapato hayakuguswa. Kwa maneno mengine, kazi ilikuwa ileile, kilichosogea ni tarehe za kudai.

Februari 2024 ilishusha tena makadirio ya ankara, safari hii hadi kati ya bilioni 10.1 na 10.2, na ya mapato pia. Sababu kubwa ilikuwa mpango mpya wa kuwapa wateja kipindi cha kutumia bidhaa bila malipo ili wahamie kwake kwa ukamilifu. Siku iliyofuata hisa zake zilianguka kwa takriban asilimia 28. Tukio hili la pili ni tofauti na la kwanza, kwa sababu hata mapato yaliguswa, na msomaji makini alipaswa kuyatenganisha. Kufikia Agosti 2024 kampuni iliacha kutoa makadirio ya ankara. Ikawaelekeza wawekezaji kwenye mapato yanayojirudia ya huduma zake mpya na kwenye thamani ya kazi iliyobaki chini ya mikataba iliyosainiwa. Kipimo kinachoyumba kwa sababu mteja amebadili tarehe ya kulipa kilikuwa kimeanza kuwachanganya wote.

Ahadi ina mlango

Turudi kwenye milioni 99 za SACCOS. Je, zote zimefungwa? Jibu liko kwenye kifungu cha kuvunja mkataba, ambacho mara nyingi kiko kurasa za nyuma. Kikisema mteja anaweza kuondoka baada ya miezi 12 kwa notisi ya siku 90 bila faini, basi kilicho salama ni mwaka wa kwanza na mafunzo, yaani milioni 33. Milioni 66 zilizobaki ni matarajio. Wahasibu nao wanaliona hivyo: chini ya IFRS 15 muda wa mkataba ni ule ambao pande zote zinaweza kubanana kisheria, haijalishi kichwa cha karatasi kinasema miaka mingapi. Vivyo hivyo, mkataba wenye sharti kwamba mwaka ujao utategemea bajeti kupitishwa unapaswa kusomwa kwa uangalifu.

Urefu wa mikataba huficha jambo moja zaidi, wateja wanaoondoka. Tuseme kampuni ina wateja 100. Wengi wako katikati ya mikataba ya miaka mitatu, na mwaka huu mikataba 30 tu inaisha. Sita hawasaini tena. Kampuni inaweza kusema kwa haki kwamba imepoteza asilimia 6 ya wateja. Lakini katika wale 30 waliokuwa na ruhusa ya kuondoka, walioondoka ni asilimia 20, mmoja katika kila watano. Wale 70 wengine hawajachagua kubaki. Hawajafikia siku ya kuchagua. Anayetaka kujua kama wateja wanaridhika aangalie asilimia ya pili, kisha aulize mwaka gani mikataba mingi inaisha kwa pamoja.

Namna ya kuwalipa maafisa mauzo nayo ina mchango. Kamisheni ikihesabiwa kwa thamani ya mkataba, watarefusha mikataba na kutoa punguzo ili miaka ipatikane. Ikihesabiwa kwa ankara, watambembeleza mteja alipe mapema. Ikihesabiwa kwa mapato yanayojirudia, watailinda bei ya mwaka, ila hawatajali sana pesa inaingia lini. Ukiona mikataba ya kampuni inazidi kuwa mirefu na bei inazidi kushuka, uliza kwanza kamisheni inakokotolewaje.

Kwa aliye upande wa pili wa meza

Wasomaji wengi tuko upande wa mnunuzi: wajumbe wa bodi ya SACCOS, wamiliki wa shule, wasimamizi wa hospitali. Kwetu, kulipa miaka mitatu mapema ni kumkopesha muuzaji. Punguzo la asilimia 10 ni riba yetu, na dhamana ni jina lake tu. Akifunga ofisi mwaka wa pili, tunabaki wadai wasio na dhamana, tumejipanga foleni na wengine. Kama punguzo linavutia, liombewe masharti: haki ya kurudishiwa pesa ya miezi isiyotumika, na haki ya kupata kumbukumbu zetu zote katika muundo unaosomeka siku tukiachana. Na kama tawi la sita halina uhakika, lisiingizwe kwenye ahadi ya leo ili tu mkataba uonekane mkubwa.

Kwa anayepima kampuni, iwe ni kuinunulia hisa, kuikopesha au kuajiriwa nayo, maswali manne yanatosha kuanzia. Mapato yanayojirudia yamehesabiwa kwa maana gani, na wateja ambao hawajaanza kutumia huduma wamo? Wastani wa urefu wa mikataba mwaka huu ni upi ukilinganisha na mwaka jana? Ni sehemu gani ya ankara inayohusu huduma ya zaidi ya miezi 12 ijayo? Na katika wateja ambao mikataba yao iliisha, wangapi walisaini tena? Ankara zikikua kwa asilimia 40 wakati mapato yanayojirudia yamekua kwa asilimia 10, jibu la swali la pili na la tatu litakuonyesha tofauti ilikotoka.

Namba zote tatu ni za kweli na zote zina kazi. Mapato yanayojirudia yanaonyesha ukubwa wa biashara, thamani ya mkataba inaonyesha uzito wa ahadi, na ankara zinaonyesha pesa inadaiwa lini. Ukiletewa moja kwenye kikao, usipige makofi wala usikasirike. Omba nyingine mbili, omba na ukurasa wenye kifungu cha kuvunja mkataba, ndipo uamue.